Grafu Iliyokatwa Miguu: Jinsi ya Kuipima kwa Rula na Kujua Takwimu Zinasema Nini

Msomaji wa grafu ya nguzo hulinganisha urefu kwanza, kisha ndipo husoma namba, kama atazisoma kabisa. Akiona nguzo moja imeizidi nyingine mara sita, kichwani mwake tayari kuna "mara sita", hata kama namba zilizoandikwa juu ya nguzo hizo zinasema vingine. Mhimili wa wima ukianza mahali pengine badala ya sifuri, kila nguzo hukatwa kipande kile kile cha chini, na nguzo fupi ndiyo inayoumia zaidi. Namba zinaweza kuwa sahihi zote, huku urefu ukidanganya.

Hapa tutatumia takwimu za aina moja tu, yaani sensa za Uganda. Namba zake zimechapishwa na ofisi ya takwimu ya taifa, UBOS, kwa hiyo yeyote anaweza kuzihakiki. Tena zina jambo la kupendeza: kutokana na sensa zile zile unaweza kuchora grafu inayosema watu wanaongezeka kwa kasi ya kutisha, na nyingine inayosema ongezeko limeporomoka. Michoro miwili tutakayoichunguza ni ya mfano, lakini namba za watu ni za kweli.

Unahitaji rula yenye milimita, karatasi ya miraba na kikokotoo cha simu.

Grafu ya kwanza: "Watu waongezeka mara sita"

Tuseme umetumiwa kwenye kundi la Wasapu picha yenye nguzo tatu. Juu ya nguzo ya 2002 pameandikwa milioni 24.2, juu ya ile ya 2014 milioni 34.6, na juu ya ile ya 2024 milioni 45.9. Mhimili wa wima umefutwa. Hakuna namba pembeni wala mistari ya nyuma. Nguzo ya kwanza ni kijiti, na ya mwisho inakaribia kugusa kichwa cha habari.

Wengi hudhani kwamba mhimili ukishafutwa hakuna la kufanya. Sivyo. Nguzo mbili zenye namba zinatosha kufichua mchoraji alianzia wapi.

Ichapishe picha, au ifungue kwenye skrini kubwa. Pima kila nguzo kuanzia mstari wa chini hadi ukingo wake wa juu. Usihesabu kivuli, wala mviringo wa urembo uliobandikwa juu. Kama nguzo zimechorwa kwa umbo la boksi, pima uso wa mbele peke yake, kwa nguzo zote. Soma rula hadi nusu milimita. Tuseme umepata hivi: 2002 ni milimita 12.5, 2014 ni milimita 44, na 2024 ni milimita 77.5.

Sasa chukua nguzo ya kwanza na ya mwisho. Urefu umeongezeka kwa milimita 65, na watu wameongezeka kwa milioni 21.7. Gawanya 21.7 kwa 65, unapata takriban 0.334. Maana yake, kila milimita ya mchoro huu inabeba watu milioni 0.334. Nguzo ya 2002 ina milimita 12.5, kwa hiyo imebeba milioni 4.2 tu. Lakini namba iliyo juu yake ni 24.2. Milioni 20 zilizobaki ziko chini ya mstari, mahali ambapo hakuna kilichochorwa. Mhimili umeanza kwenye milioni 20.

Kwa kifupi:

```
kipimo = (namba2 - namba1) / (urefu2 - urefu1)
mwanzo = namba1 - urefu1 * kipimo
```

Nguzo ya kati tumeiacha makusudi ili iwe shahidi. Milimita zake 44 ukizizidisha kwa 0.334 na kujumlisha 20 unapata milioni 34.7. Namba iliyoandikwa ni 34.6. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko nusu milimita ya rula, ambayo hapa ni sawa na milioni 0.17, kwa hiyo nguzo ya kati imekubali na kazi yako ni sahihi. Kama ingekataa kwa milimita tano au kumi, ungejua kuwa grafu haikuchorwa kwa kipimo kimoja: pengine mhimili umevunjwa katikati, au mtu amevuta nguzo kwa mkono kwenye programu ya kutengeneza mabango. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na huwezi kuligundua ukiwa na nguzo mbili tu, kwa sababu nguzo mbili siku zote hukubaliana na mwanzo fulani.

Ukiwa na nguzo nyingi, iachie kompyuta. Kwenye lahajedwali kama Excel, weka namba kwenye safu A na urefu kwenye safu B, kuanzia mstari wa pili, kisha andika:

```
=SLOPE(A2:A4,B2:B4)
=INTERCEPT(A2:A4,B2:B4)
```

Jibu la pili ndilo mwanzo wa mhimili. Kwa vipimo vyetu ni 19.99.

Mambo mawili huharibu upimaji huu. La kwanza ni picha iliyopigwa kwa simu kutoka pembeni, kwa mfano bango la ukutani au ukurasa wa gazeti uliokunjika. Nguzo za upande wa mbali huwa fupi kuliko zilivyo. Picha iliyovutwa ikawa ndefu au ikabanwa ikawa fupi haina shida, kwa kuwa nguzo zote zimevutwa au kubanwa kwa kiasi kile kile, na mwanzo utakaoupata ni uleule. Iliyoinama ndiyo mbaya. La pili huwakumba wanaopima kwa vidoti vya skrini kwenye programu ya picha: programu nyingi huhesabu kutoka juu kwenda chini. Urefu wa nguzo basi ni namba ya mstari wa chini ukitoa namba ya ukingo wa juu. Ukilisahau hilo, nguzo ndefu zitakuwa fupi na mwanzo utakaoupata hautaeleweka.

Sasa linganisha. Kwa macho, nguzo ya 2024 ni mara 6.2 ya nguzo ya 2002, yaani 77.5 kwa 12.5. Kwa hesabu, watu wa 2024 ni mara 1.9 ya watu wa 2002. Hao bado ni wengi mno, takriban mara mbili ndani ya miaka isiyofika 22. Mchoraji hakuhitaji kutia chumvi.

Kuichora upya

Chora nguzo zile zile kuanzia sifuri, kwa milimita 2 kwa kila milioni. Ya 2002 itakuwa na milimita 48, ya 2014 milimita 69, na ya 2024 milimita 92. Inaenea vizuri kwenye ukurasa wa daftari. Utaona ngazi tatu za kawaida, kila moja ikiipita iliyotangulia, lakini hakuna kijiti na hakuna mnara.

Kabla hujaridhika, tazama mhimili wa mlalo, ambao watu wengi huuruka. Nguzo tatu zimepangwa kwa nafasi sawa, kana kwamba sensa hufanyika kila baada ya muda uleule. Sensa ya 2002 ilifanyika Septemba, ya 2014 ikawa Agosti, na ya 2024 ikawa Mei. Kwa hiyo pengo la kwanza ni karibu miaka 12, na la pili ni miaka 9.7.

Pengo la kwanza liliongeza watu milioni 10.4 na la pili milioni 11.3. Ukitazama ngazi tu, utasema ongezeko ni karibu sawa. Gawanya kwa miaka: milioni 0.87 kwa mwaka katika pengo la kwanza, na milioni 1.16 kwa mwaka katika la pili. Ongezeko la kila mwaka limepanda kwa theluthi moja, na nafasi sawa kati ya nguzo zilikuwa zinaficha jambo hilo. Hapa mchoraji aliyetaka kutisha amejipunguzia hoja yake mwenyewe. Makosa ya grafu hayaelekei upande mmoja siku zote, na ndiyo sababu inafaa kupima kabla ya kumtuhumu mtu kuwa alikusudia.

Ili kuichora ipasavyo, acha nguzo, tumia nukta na mstari, na uupe kila mwaka nafasi yake. Kwa milimita 5 kwa mwaka, kutoka 2002 hadi 2014 ni milimita 60, na kutoka 2014 hadi 2024 ni milimita 48 na kidogo. Mstari wa pili utaonekana umesimama zaidi kuliko wa kwanza, kama inavyostahili.

Grafu ya pili: "Ukuaji waporomoka"

Wiki hiyohiyo inakuja picha nyingine. Hii ni ya mstari, na inaonyesha kiwango cha ukuaji kwa mwaka: asilimia 3.2 kati ya 1991 na 2002, asilimia 3.0 kati ya 2002 na 2014, na asilimia 2.9 kati ya 2014 na 2024. Namba hizi nazo ni za UBOS, na unaweza kuzipata mwenyewe kutoka kwenye idadi ya watu. Ya mwisho, kwa mfano:

```
=LN(45.9/34.6)/9.7
```

Jibu ni 0.0291, yaani asilimia 2.9. Kwa hiyo, ongezeko la watu kwa mwaka limepanda, na kiwango cha ukuaji kimeshuka. Yote mawili ni kweli. Asilimia 2.9 ya umati mkubwa ni watu wengi kuliko asilimia 3.0 ya umati mdogo. Ukikuta watu wawili wanabishana kwa grafu mbili, uliza kwanza kila mmoja amechora nini: jumla ya watu, wanaoongezeka kila mwaka, au kiwango. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

Mhimili wa picha hii haukufutwa. Unaanza 2.8 na kuishia 3.2, kwa kimo cha milimita 40. Nukta ya kwanza iko juu kabisa, ya pili katikati, na ya tatu iko milimita 10 kutoka chini. Kwa jicho, robo tatu ya kimo imepotea.

Usikimbilie kusema kwamba mhimili ulipaswa kuanza sifuri. Kanuni hiyo ni ya nguzo, kwa kuwa nguzo husomwa kwa urefu wake. Mstari husomwa kwa mteremko wake na kwa mahali nukta zilipo, kwa hiyo una ruhusa ya kuanzia juu. Bei ya dola kwa shilingi ya Uganda, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kati ya takriban 3,500 na 3,900, ukiichora kuanzia sifuri utapata mstari ulionyooka usiomsaidia mfanyabiashara yeyote. Kwa grafu ya mstari, swali ni je, badiliko linaloonekana ni kubwa kwa kulinganisha na nini?

Kuna vipimo viwili vinavyosaidia hapa. Kimoja ni kugeuza kiwango kiwe jambo linaloeleweka. Gawanya 69.3 kwa kiwango, unapata miaka ambayo watu wataongezeka maradufu ikiwa kiwango hakitabadilika. Kwa asilimia 3.2 ni miaka 21.7. Kwa asilimia 2.9 ni miaka 23.9. Hilo "poromoko" lote linamaanisha kwamba muda wa kuongezeka maradufu umerefuka kwa miaka miwili hivi.

Kipimo cha pili ni kuuliza namba zenyewe zimekaza kiasi gani. Namba 2.9 imekadiriwa hadi desimali moja. Inaweza kuwa chochote kati ya 2.85 na 2.95. Namba 3.0 ni kati ya 2.95 na 3.05. Kwenye mhimili wa picha hii, 0.1 ni milimita 10. Kwa hiyo kila nukta kwa haki yake si nukta, bali ni kijistari cha wima chenye milimita 10. Vichore kwa kalamu ya risasi juu ya picha. Utaona kijistari cha 2002–2014 na cha 2014–2024 vinagusana ncha. Mteremko kati yao unaweza kuwa mkubwa mara mbili ya ulivyochorwa, au usiwepo kabisa, na picha haina uwezo wa kukuambia ni upi.

Na hapo tumezungumzia makadirio ya desimali tu. Sensa yenyewe ina watu inaowakosa. Kama mwaka 2014 ingekosa asilimia 1 zaidi ya watu kuliko ilivyokosa 2024, kiwango cha 2014–2024 kingeonekana kikubwa kwa takriban pointi 0.1 kuliko kilivyo, kwa kuwa asilimia hiyo moja imegawanywa kwa miaka 9.7. Na kiwango cha kabla yake kingeonekana kidogo kwa karibu kiasi hichohicho. Pointi 0.1 ndiyo tofauti yote tunayoijadili. Grafu yenye mhimili mfupi hivi inakuza kosa la kuhesabu kwa nguvu ileile inayokuza ukweli.

Namba za awali na namba za mwisho

Mtego huu ni mdogo lakini umewanasa wengi. Baada ya sensa, UBOS hutoa kwanza matokeo ya awali, kisha ya mwisho. Kwa 2024 tofauti ilikuwa ndogo: 45,935,046 ya awali na 45,905,417 ya mwisho, zote zikiwa milioni 45.9 ukikadiria. Kwa 2014 haikuwa ndogo hivyo. Matokeo ya awali yalikuwa milioni 34.9, na ya mwisho 34.6. Namba zote mbili bado zinazunguka mitandaoni.

Jaribu kuweka 34.9 badala ya 34.6 kwenye hesabu ya kiwango. Jibu linashuka kutoka 2.9 hadi 2.8. Kwenye mhimili wetu unaoanzia 2.8, nukta hiyo inaketi sakafuni, na kichwa cha habari kinajiandika chenyewe. Hakuna aliyesema uongo. Mtu amechukua namba kutoka kwenye ripoti isiyo ya mwisho. Kwa hiyo ukikuta grafu ya watu wa Uganda yenye 34.9 kwa 2014, simama hapo hapo kabla ya kupima chochote. Machapisho ya zamani nayo huweka 24.4 kwa 2002 badala ya 24.2. Chukua mfululizo wote kutoka ripoti moja, tena iliyo mpya kuliko zote.

Dirisha la miaka

Kuna ukataji mwingine usioonekana kwenye mhimili wa wima. Grafu ya pili imeanza na kipindi cha 1991–2002. Kwa nini hapo? Rudi nyuma hadi sensa ya 1969, yenye watu milioni 9.5, na ile ya 1980, yenye milioni 12.6. Mwaka 1991 walikuwa milioni 16.7. Viwango vinakuwa 2.7, kisha 2.5, kisha 3.2, 3.0 na 2.9.

Sasa hadithi si ya kushuka tu. Kiwango kilishuka kidogo, kikaruka juu baada ya 1991, kisha kikaanza kuteremka polepole, na hadi leo kiko juu ya vile vya kabla ya 1991. Aliyeanza na 3.2 ameanza kwenye kilele. Aliyetaka kuonyesha kupanda angeanza na 2.5 na kuishia 2.9, na angekuwa na namba sahihi vilevile.

Jaribio lake ni rahisi: ongeza kipindi kimoja nyuma ya pale grafu ilipoanzia, kisha ondoa kipindi cha kwanza cha grafu. Ujumbe ukigeuka katika mojawapo ya majaribio hayo mawili, basi ujumbe umetoka kwenye dirisha, si kwenye takwimu. Grafu ya pili inaanguka mara tu unapoongeza 2.5 nyuma yake. Ya kwanza haianguki: ongeza 1991 au ondoa 2002, watu bado wanaongezeka. Kosa lake lilikuwa kwenye ukubwa, si kwenye mwelekeo, na ukimjibu aliyeituma ni vizuri kumwambia hivyo, maana ukisema "grafu yako ni ya uongo" atakuonyesha ripoti ya UBOS na atakuwa sahihi.

Jibu la kundini linaweza kuwa fupi: "Namba ni sahihi, ila nguzo zimeanzia milioni 20. Kutoka 2002 hadi 2024 tumekuwa mara 1.9, si mara sita. Kila mwaka tunaongezeka kwa watu wengi kuliko zamani, ingawa kiwango kimeshuka kidogo, kutoka takriban 3.0 hadi 2.9." Ambatanisha picha ya karatasi yako ya miraba. Ikiwa nguzo zimechorwa vizuri, haitahitaji maelezo marefu.

Kuna grafu ambazo njia hii haiziwezi. Kama hakuna namba kwenye mhimili wala juu ya nguzo, rula itakupa uwiano wa urefu tu, na uwiano huo hauna maana yoyote mpaka ujue mwanzo uko wapi. Nguzo moja yenye namba haitoshi pia. Lazima ziwe mbili, na tatu ukitaka shahidi. Na kama mhimili umepangwa kwa kuzidisha, yaani 1, 10, 100, 1,000 kwa hatua sawa, kugawanya milimita kwa njia ya hapo juu kutakupotosha, na nguzo ya tatu ndiyo itakayokuonya kwa kukataa. Ikiwa hakuna namba kabisa, mwombe aliyeituma akupe namba zenyewe, au jina la ripoti na ukurasa.